Nakshi, itikadi na bei: namna ya kuipanga insha ya usasa

Kila muhula ninaposahihisha insha za historia ya usanifu majengo, swali la iwapo usasa, ule mtindo wa majengo ya kuta tupu wa karne ya 20, ulikataa nakshi kwa sababu ya itikadi au ya uchumi hunirudia likiwa limejibiwa kwa namna ile ile: aya mbili za itikadi, aya mbili za uchumi, kisha hitimisho kwamba vyote viwili vilichangia. Jibu hilo si la uongo, ila halijapima kitu. Ili kupima, mwandishi anahitaji jengo ambalo itikadi na uchumi vinalivuta pande tofauti, kwa maana pale vinapovuta upande mmoja hakuna awezaye kujua ni kipi kilichokuwa na nguvu.

Kwa hiyo nashauri insha ianze na hali ya bei. Wanafunzi wengi hudhani kwamba mashine ilifanya nakshi kuwa ghali. Ukweli ni kinyume chake: katika karne ya 19 maua, majani na vichwa vya simba vilimiminwa kwa chuma na kwa plasta katika kalibu, vikauzwa kwa orodha, hata nyumba ya kupangisha ya kawaida ikaweza kuvaa sura ya kasri. Kama nakshi zilipungua bei na bado zikakataliwa, basi hoja ya uchumi katika umbo lake jepesi imepata ufa tangu aya ya pili, na msomaji anataka kujua utazibwaje.

Aya zinazofuata zikae Vienna, na zikae kwa muda. Msanifu majengo Adolf Loos, aliyetoa mhadhara wake mashuhuri dhidi ya nakshi mwaka 1910, wakati huo huo alikuwa akiwajengea mafundi cherehani wa matajiri, Goldman na Salatsch, jengo linalotazamana na kasri la mfalme. Mtazame mtu anayesimama mbele yake: orofa za juu ni plasta nyeupe tupu, madirisha hayana hata mstari wa urembo pembeni, na uchi huo uliwaudhi wakuu wa jiji hadi ujenzi ukasimamishwa, ukaruhusiwa baadaye kwa masharti ya kutundika masanduku ya maua. Lakini akishusha macho, sehemu ya chini imevikwa marumaru ya kijani yenye mishipa, iliyoletwa kutoka Ugiriki. Mteja aliyelipia marumaru hiyo hakushindwa kulipia maua ya plasta. Hapa nakshi iliondolewa, gharama ikabaki, na ndiyo maana kwangu jengo hili lina uzito kuliko nukuu kumi.

Mwandishi makini hataishia hapo, kwa sababu Loos mwenyewe alitumia lugha ya uchumi: alidai kwamba nakshi hupoteza kazi ya fundi na malighafi, na kwamba kitu chenye urembo hupitwa na mtindo kabla hakijachakaa. Hoja hiyo lazima ijibiwe. Mimi huwaonyesha wanafunzi kwamba upotevu anaousema ameufungamanisha na ngazi za ustaarabu, akimweka Mpapua wa New Guinea mwenye chale chini na Mzungu wa kisasa juu; hesabu yake ya fedha imesimama juu ya imani kuhusu watu. (Anayelisoma dai hilo akiwa amekulia karibu na milango ya Unguja atalitilia shaka upesi, lakini shaka hiyo inahitaji aya yake, si kelele.)

Baada ya hapo ndipo Frankfurt iingie. Msanifu majengo Ernst May, ambaye baadaye alihamia Tanganyika na kisha Kenya, alisimamia kati ya mwaka 1925 na 1930 ujenzi wa makazi zaidi ya 10,000 katika jiji lililokuwa na uhaba mkubwa wa nyumba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na mfumuko wa bei. Kuta tupu, vipimo vilivyosanifishwa na jiko dogo lililobuniwa na Margarete Schütte-Lihotzky vilikuwa na sababu za fedha zilizo wazi. Kosa la kawaida ni kuianza insha kwa mfano huu, kwa kuwa May aliamini usahili na pia aliuhitaji, hivyo mfano hauamui lolote ukiwa peke yake. Ukija wa pili, unaeleza jambo jingine: kuenea.

Dai kuu linaweza basi kuandikwa hivi: usasa ulikataa nakshi kwa itikadi wakati nakshi zilipokuwa rahisi kununuliwa, na uhaba wa baada ya vita ndio uliougeuza msimamo wa wachache kuwa desturi ya mitaa mizima. Dai hili lina mpaka wake, na mpaka huo uandikwe ndani ya aya ya Frankfurt yenyewe: kodi za nyumba hizo ziliwashinda wafanyakazi maskini zaidi, kwa hiyo hata pale ambapo uchumi ulitajwa kuwa sababu, ukuta mtupu haukuwa lazima ukuta wa bei ya chini.