Taswira ya mtu aliyepandikizwa kwenye picha: inavyojengwa dimbwini, kiooni na dirishani

Ukimwingiza mtu kwenye picha ambayo hakuwamo, kila uso unaoakisi mbele yake unadai kumwonyesha pia: dimbwi la maji, kioo cha ukutani, dirisha. Taswira hiyo si nakala ya mtu iliyogeuzwa. Ni picha nyingine ya mtu huyohuyo, ile ambayo ingepigwa na kamera iliyosimama upande wa pili wa uso unaoakisi, kwa umbali uleule ulionao kamera halisi upande wa huku. Tuiite kamera pacha. Ukijua ilipo kamera pacha, unajua taswira ionyeshe nini, iwe na ukubwa gani na ianzie wapi.

Dimbwi ndilo linalokosewa zaidi, kwa sababu linaonekana rahisi. Chukua mfano huu: kamera iko mita 1.5 juu ya ardhi na imelala sawa bila kuinama. Mtu mwenye urefu wa mita 1.7 anasimama mita 6 mbele yake. Kati yao kuna dimbwi linaloanzia mita 3 kutoka kwenye kamera na kuishia mita 4. Kamera pacha basi iko mita 1.5 chini ya usawa wa maji, inamtazama mtu huyo kutoka chini.

Swali la kwanza ni sehemu gani ya mwili itaonekana majini. Hesabu yake ni fupi: zidisha kimo cha kamera kwa umbali kati ya sehemu ya maji na mtu, kisha gawa kwa umbali kati ya kamera na sehemu hiyo ya maji. Ukingo wa mbali wa dimbwi, ulio mita 4 kutoka kwenye kamera na mita 2 kutoka kwa mtu, unaonyesha kimo cha 1.5 × 2 ÷ 4, yaani mita 0.75, juu kidogo ya goti. Ukingo wa karibu unatoa 1.5 × 3 ÷ 3, yaani mita 1.5, usawa wa shingo. Kwa hiyo dimbwi hili linamwonyesha kuanzia mapajani hadi shingoni tu. Miguu haimo, kichwa hakimo. Ili utosi uonekane, maji yangepaswa kusogea hadi mita 2.8 hivi kutoka kwenye kamera. Mhariri anayembana mtu mzima ndani ya dimbwi dogo, kuanzia viatu hadi nywele, ameshaharibu picha kabla hata ya kufikiria rangi.

Kwenye faili lenyewe kazi ni nyepesi kuliko hesabu. Kwa kuwa kamera imelala sawa, kila sehemu ya mwili huakisiwa moja kwa moja chini yake, na umbali wake chini ya usawa wa maji ni sawa na kimo chake juu ya usawa huo. Kama mtu ana urefu wa pikseli 850, kila mita ya mwili wake ni pikseli 500, na taswira yake ina kipimo hichohicho. Pindua taswira juu chini, kutanisha nyayo na nyayo, kisha acha umbo la dimbwi lenyewe likate kinachobaki. Usiipunguze wala kuivuta ili itoshe. Tumia amri ya `Flip Vertical`, si kuzungusha nyuzi 180. Ukizungusha, mkoba uliokuwa bega la upande wa kulia wa picha utahamia upande wa kushoto, na mtazamaji atahisi kasoro hata asipoweza kuitaja.

Nyayo kwa nyayo ni sahihi pale tu mtu anaposimama usawa wa maji. Akiwa juu ya ukingo wa barabara ulioinuka sentimita 15 kuliko maji, mstari wa kupindulia unashuka sentimita 15 chini ya soli, ambazo hapa ni pikseli 75. Taswira ya soli basi inaanzia pikseli 150 chini ya soli yenyewe, na katikati panapaswa kuonekana ubavu wa ukingo pamoja na taswira ya ubavu huo. Mtu anayetembea naye ana tatizo lake. Mguu wa mbele uko karibu na kamera kuliko wa nyuma, kwa hiyo kila mguu una mstari wake wa kupindulia. Ukipindua mwili wote mara moja, mguu mmoja utagusana na taswira yake na mwingine utaelea. Itenge miguu, pindua kila mmoja peke yake kwenye nyayo yake, kisha unganisha mapajani.

Hadi hapa tumeshughulikia mahali na ukubwa. Sura yenyewe ni jambo jingine, na hapo nakala iliyopinduliwa hushindwa. Katika mfano wetu kamera halisi inautazama uso karibu ana kwa ana. Kamera pacha inautazama kutoka chini kwa pembe ya nyuzi 27 hivi: inaona chini ya kidevu, matundu ya pua, upande wa ndani wa ukingo wa kofia, chini ya mkono ulionyooshwa. Nakala iliyopinduliwa haina hata kimoja kati ya hivyo. Dimbwi letu linaishia shingoni, basi kosa litajificha. Lakini dimbwi likiwa refu zaidi, au mtu akiwa amebeba mwavuli, litajitokeza mara moja: taswira ya mwavuli lazima ionyeshe mbavu zake za ndani.

Tiba ni kupiga picha ya pili. Huwezi kuzamisha kamera ardhini, lakini unaweza kumwinua mtu. Msimamishe kwenye ukingo wa jukwaa au ngazi, lenzi ikiwa mita 1.5 chini ya nyayo zake na mita 6 kutoka kwake kwa mlalo. Tumia urefu uleule wa fokasi na mwanga unaotoka upande uleule, kisha pindua picha hiyo. Kama kamera ya picha kuu iliinamishwa nyuzi 10 kuelekea chini, hii iinuliwe nyuzi 10 kuelekea juu. Bila jukwaa, piga lenzi ikiwa imelala ardhini. Utapata pembe ya nyuzi 15 usoni, pungufu, ila ni bora kuliko nakala. Mtu akiwa mbali sana, mathalani mita 30, pembe inashuka hadi nyuzi 6 hivi na nakala iliyopinduliwa inatosha.

Sasa mwanga. Maji yakitazamwa kutoka juu wima huakisi asilimia 2 tu ya mwanga, na kadiri macho yanavyolala ndivyo kiasi hicho kinavyopanda. Kwenye kingo za dimbwi letu ni kati ya asilimia 8 na 13. Dimbwi linang'aa kwa sababu mbingu ni angavu mno, siyo kwa sababu maji ni kioo kamili. Mtu anapoingia kati, anaizuia mbingu hiyo. Kwa hiyo taswira yake huwa giza kuliko maji yanayoizunguka, na ndani ya giza hilo sakafu ya dimbwi huonekana: kokoto, majani, lami.

Hapa ndipo desturi ya kuweka nakala juu ya maji na kuipunguza hadi `Opacity` ya 50% inapoanguka. Mng'ao wa mbingu unabaki ukipenya katikati ya kifua cha mtu, na anaonekana kama mzuka. Fanya kwa tabaka mbili. Kwanza tafuta dimbwini mahali panapoakisi kitu cheusi, kama shina la mti au kivuli cha ukuta, na uchukue rangi ya hapo. Hiyo ndiyo rangi ya maji bila mbingu. Jaza umbo la mtu kwa rangi hiyo, ukiacha alama za sakafu zionekane. Kisha juu yake weka taswira ya mtu kwa hali ya `Linear Dodge (Add)`, ikiwa hafifu sana, na uiongeze polepole mpaka nguo nyeupe ionekane huku nguo nyeusi ikipotelea majini. Nguo nyeusi kupotea ni dalili kwamba uko sawa.

Ukungu nao hueleweka vibaya. Lenzi haifokasi kwenye uso wa maji bali kwenye jumla ya safari ya mwanga, kutoka kwa mtu hadi majini hadi kwenye kamera. Safari hiyo hapa haifiki mita 7, dhidi ya mita 6 za moja kwa moja, kwa hiyo taswira ina ukali unaokaribiana na wa mtu mwenyewe. Kinachoivuruga ni viwimbi. Hivyo huivuta zaidi kwa wima kuliko kwa mlalo, na huathiri kidogo karibu na nyayo, zaidi kuelekea kichwani. Ukungu wa duara ulio sawa kote hauna chanzo chochote katika maji.

Kioo cha ukutani kinaakisi karibu mwanga wote, hivyo mwanga si taabu. Taabu ni ukubwa. Kamera ikiwa mita 2 kutoka kiooni na mtu akiwa mita 1 kutoka kiooni, ameipa kamera mgongo, yeye yuko mita 1 kutoka kwenye kamera na taswira yake iko mita 3. Kichwa ndani ya kioo kiwe theluthi ya kichwa kilicho mbele. Uso wake upigwe kwa mbele kutoka mita 3, kisha picha igeuzwe kushoto kulia. Wengi huupiga kutoka mita 1 na kuupunguza baadaye. Ukubwa unakaa sawa, lakini pua inabaki kubwa na masikio yamerudi nyuma, kwa kuwa umbali ndio unaopanga uwiano wa uso.

Dirisha hufuata kanuni ya ukubwa ya kioo na kanuni ya mwanga ya dimbwi. Kioo kimoja kisafi, kikitazamwa ana kwa ana, huakisi asilimia 8 hivi. Mtu aliyeizuia mbingu hufungua kidirisha chenye umbo lake, ambamo chumba cha ndani huonekana vizuri kuliko pembeni. Taa zikiwaka ndani, taswira hufifia. Dirisha la vioo viwili hutoa taswira mbili zilizopishana kidogo, na kama majengo yaliyoakisiwa humo yamepishana, mtu naye lazima apishane kwa kiasi kilekile.

Ili kukagua kazi, chora mistari kutoka sehemu kadhaa za mwili hadi kwenye taswira za sehemu hizohizo. Katika dimbwi, kamera ikiwa imelala sawa, mistari yote iwe wima. Katika kioo bapa iwe sambamba au ikutane kwenye nukta moja, na nukta hiyo iwe ileile kwa vitu vingine vyote vilivyomo kiooni. James O'Brien na Hany Farid walichapisha mwaka 2012 njia ya kugundua picha zilizoghushiwa kwa kutumia mistari hii. Haihitaji vifaa: rula kwenye skrini inatosha. Ila haisemi lolote kuhusu mwanga, wala haifanyi kazi kwenye kioo kilichopinda.