Kunyanyua Chuma Peke Yako: Maana ya Kuwa na Njia ya Kutokea

Kunyanyua chuma peke yako kwa usalama maana yake ni kupanga zoezi kwa namna ambayo, nguvu zikiisha katikati ya rudio, chuma kina mahali pa kwenda pasipo mwili wako. Anayefanya mazoezi na mwenzake ana mtu wa kusimama upande wa kichwa chake na kukidaka chuma kinapokwama, ilhali aliye peke yake analazimika kuikabidhi kazi hiyo kwa vifaa, au kuchagua mazoezi ambayo hayahitaji mdakaji kabisa. Kushindwa rudio ni jambo la kawaida kwa yeyote anayeongeza uzito mara kwa mara, kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya seti ni chuma kitaishia wapi siku hiyo itakapofika.

Zoezi linaloidhihirisha dhana hii kuliko mengine ni kusukuma chuma ukiwa umelala chali benchini. Katika mazoezi mengi ya kusimama, mnyanyuaji anaweza kukiachia chuma na kusogea, lakini hapa mwili uko kati ya chuma na benchi, pamoja na shingo na uso. Aghalabu rudio hukwama sentimita chache juu ya kifua; chuma husimama, hutetemeka, kisha huanza kurudi chini. Kikishatua kifuani huku mikono imechoka, kila pumzi inakuwa na kazi ya kuusukuma uzito wote, na kikiteleza kuelekea kichwani hukutana na koo. Hatari nyingine ni ya kushika chuma bila kukizungushia kidole gumba, kwa sababu chuma kilicholazwa tu juu ya viganja kinaweza kuanguka kabla hata misuli haijachoka. Mshiko huo hauna nafasi katika zoezi hili kwa mtu aliye peke yake.

Kinachochukua nafasi ya mdakaji ni mihimili ya usalama, yaani vyuma viwili vinavyolala kushoto na kulia mwa benchi na kufungwa kwenye matundu ya nguzo za raki, yaani fremu inayoshikilia chuma. Kwenye raki yenye nguzo nne, mihimili hutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma; kwenye raki yenye nguzo mbili, huwa ni mikono mifupi inayochomoza. Wengine hutumia mikanda mipana iliyoning'inizwa kati ya nguzo, ambayo hupokea chuma kwa ulaini na kelele ndogo. Kulabu ambazo chuma hupumzikia kabla ya seti hazihesabiki kuwa mihimili, maana ziko juu, mahali ambapo mikono iliyoshindwa haiwezi kufika. Benchi lenye kulabu pekee, hata likiwa imara kiasi gani, halina kitu cha kukudaka.

Mihimili huokoa tu ikiwa urefu wake kutoka sakafuni umepangwa sawasawa, na hapa ndipo wengi hukosea. Ikiwekwa chini mno, chuma kinamlalia mtu kabla hakijaigusa. Ikiwekwa juu mno, kila rudio linaigonga kabla ya kufika kifuani, na baada ya siku mbili tatu mnyanyuaji huchoshwa na mlio huo akaiteremsha au kuiondoa. Nafasi iliyo sahihi ipo kwa sababu ya umbo la mwili wenyewe. Anayesukuma chuma kwa ufundi huvuta mabega nyuma, hupinda mgongo kidogo na kujaza hewa kifuani, hivyo kifua huinuka. Akitoa pumzi na kuulaza mgongo, kifua hushuka kwa sentimita kadhaa. Mihimili inatakiwa ikae ndani ya pengo hilo dogo, yaani chini kidogo ya mahali chuma kinapogusa kifua kilichoinuka, na juu kidogo ya kifua kilicholala.

Tuchukue mfano wa mtu mmoja mwenye benchi la kimo cha sentimita 43. Akiwa amejipanga kwa seti, sehemu ya juu kabisa ya kifua chake iko sentimita 25 juu ya benchi, sawa na sentimita 68 kutoka sakafuni. Akilaza mgongo na kutoa pumzi, hushuka hadi 65. Raki yake ina matundu yanayopishana kwa sentimita 5, na uso wa juu wa mihimili unaweza kukaa kwenye 61, 66 au 71. Kwa bahati nzuri 66 inamfaa: chuma kinagusa kifua kikiwa bado na sentimita 2 kabla ya kufika kwenye mihimili, na rudio likishindikana analaza mgongo, kisha uzito unahamia kwenye mihimili huku nafasi ya sentimita 1 ikibaki juu ya kifua. Sentimita moja inaonekana haba, lakini inatosha kupumua na kutoka.

Sasa tuseme raki ni nyingine, na matundu yake yanampa 64 au 69 tu. Kwa 64 chuma kitabaki kimemkandamiza hata akilala bapa, na kwa 69 kitagonga mihimili kabla ya kugusa kifua. Njia nzuri ni kuliinua benchi lenyewe kwa kuweka chini ya miguu yake yote mikeka migumu ya mpira yenye unene wa sentimita 2, isiyoteleza wala kubonyea. Kifua kilichoinuka kinakuwa 70, kilicholala 67, na mihimili ya 69 inaingia katikati yake. Asipopata mikeka, achague tundu la juu na akubali rudio lililopungua sentimita moja, hasara ambayo misuli haitaihisi.

Vipimo hivi vihakikishwe kwa chuma kitupu, ambacho kwa kawaida kina kilo 20, kabla ya kuongeza sahani yoyote ya uzito. Lala, jipange kama kwa seti nzito, gusa kifua, usikilize kama mihimili inalia. Kisha laza mgongo, kiache chuma kitulie juu ya mihimili na uondoe mikono. Ukiwa hapo, kiviringishe polepole juu ya mihimili kuelekea shingoni na usoni, kwa kuwa koo liko chini zaidi ya kifua kwa watu wengi, lakini pua inaweza kuwa karibu na chuma kuliko unavyodhani. Mwisho, jaribu kutoka: wapo wanaokiviringisha kuelekea tumboni na kuketi, na wapo wanaojisukuma kuelekea upande wa kichwa hadi chuma kibaki juu ya nyonga. Ijulikane mapema ipi inakufaa wewe, kisha uirudie ukiwa na uzito mwepesi, kwani mtu anayeshindwa kwa mara ya kwanza akiwa na uzito mkubwa huendelea kupigana na chuma badala ya kukiteremsha.

Hakikisha pia kwamba pini za mihimili zimeingia hadi mwisho, kwamba pande zote mbili ziko kwenye tundu la namba moja, na kwamba benchi liko katikati. Mihimili ikiwapo, funga sahani kwa klipu, kwa sababu chuma kinaweza kutua kimeinama na sahani zikateleza upande mmoja.

Bila mihimili ushauri huo wa klipu hugeuka. Aliyenaswa chini ya chuma kisicho na klipu anaweza kukiinamisha hadi sahani za upande mmoja zidondoke, ingawa upande wa pili wenye uzito utaanguka kwa kasi mara tu uzito wa upande wa kwanza utakapotoweka, na aliye karibu anaweza kuumizwa. Njia nyingine ni kukiviringisha chuma juu ya tumbo hadi mapajani, jambo linalowezekana kwa uzito wa wastani na linaloacha michubuko kwa uzito mkubwa. Zote mbili ni za dharura. Kwa maoni yangu, mtu anayezihesabu kuwa mpango wake wa kawaida hana mpango, na afadhali afanye zoezi jingine siku hiyo.

Na mazoezi mengine yapo. Kusukuma dambeli benchini hufundisha karibu misuli ileile, na mikono ikishindwa kila dambeli hushushwa kando ya mwili, mahali pasipo kifua wala shingo. Kinachohitajika ni sakafu iliyo tupu pande zote mbili. Pushapu zenye uzito mgongoni au miguu iliyoinuliwa huishia kwa mtu kulala kifudifudi tu. Kunyanyua chuma kutoka sakafuni ni zoezi zito sana lakini lina njia rahisi ya kutokea kuliko yote, kwa kuwa ukishindwa unakirudisha kilikotoka. Kinyume chake, kukunja na kunyoosha viwiko ukiwa umelala na chuma kiko juu ya paji la uso ni zoezi la uzito mdogo linalobeba hatari kubwa, na wengi hulidharau kwa sababu ya wepesi huo. Lifanye kwa dambeli mbili au kwa kebo.

Skwati ina kanuni ileile kwa vipimo tofauti. Mihimili huwekwa sentimita chache chini ya mahali chuma kinapofika ukiwa umechuchumaa kabisa, na ukishindwa unaendelea kushuka hadi ikipokee, ukiwa wima bila kuinama mbele. Pasipo mihimili, chuma kilicho mgongoni huachiwa kianguke nyuma huku mnyanyuaji akiruka mbele, na hilo linahitaji sahani za mpira, sakafu inayostahimili na mazoezi ya awali. Chuma kikiwa mbele ya mabega, kukidondosha ni rahisi zaidi: viwiko vinashushwa, chuma kinaanguka mbele, nawe unarudi nyuma.

Mashine ambayo chuma chake hupita kwenye reli huwahadaa watu. Kulabu zake hufungwa kwa kuzungusha viganja, jambo ambalo mikono iliyoishiwa nguvu inaweza kushindwa kulifanya, na chuma kilicho kwenye reli hakiwezi kuinamishwa. Vizuizi vya chini vya mashine hiyo navyo vipangwe na kujaribiwa kwa utaratibu ule wa benchi.

Kilichobaki ni kujua lini kusimama. Dalili ya kutegemewa ni mwendo wa chuma: rudio linalopanda polepole waziwazi kuliko lililotangulia, au linalosita katikati, kwa kawaida huacha moja au mawili tu kabla ya kushindwa, na aliye peke yake bila mihimili aishie hapo. Mwenye mihimili iliyojaribiwa anaweza kuendelea, mradi asisahau kwamba vipimo vyake ni vya benchi hilo na raki hiyo. Benchi likibadilishwa, mikeka ikiondolewa au mwingine akitumia raki na kuhamisha pini, chuma kitupu kinarudi kifuani kwanza.