Juzi ipi, mama?

Kazi yangu ni ukalimani na tafsiri hapa Dodoma, nusu ya wiki nakaa na makaratasi, nusu nakaa katikati ya mgonjwa anayeongea Kiswahili na daktari mgeni anayeongea Kiingereza tu. Na neno linalonisumbua kuliko yote sio la kitaalamu. Ni juzi. Likifuatiwa na kesho kutwa.

Ukifungua kamusi unakuta juzi ni siku iliyotangulia jana, kwa hiyo mtu anatype "the day before yesterday" anasonga mbele. Lakini kamusi hiyohiyo inakupa na maana ya pili, siku chache zilizopita, na huku mtaani hiyo ya pili ndo inatumika sana. Mtu anasema "juzi nimekutana na dada yako" kumbe ni wiki tatu zimepita. Akisema juzijuzi au juzi kati hapo hana siku maalumu kichwani, hiyo iandike "recently" au "the other day" na usihangaike. Akisema "juzi Jumamosi" kakupa jina la siku, iandike "last Saturday" na tarehe yake pembeni. Tatizo ni juzi tupu, haina jina la siku wala haijarudiwa, maana inaweza ikawa siku mbili kamili na inaweza ikawa kumi, na Kiingereza hakina neno moja linalobeba zote mbili, yaani lazima uchague. Ukichagua vibaya umetengeneza tarehe ambayo msemaji hakuitaja.

Cha ajabu neno hilohilo ukilibandika kwenye mwaka linakuwa imara. Mwaka juzi ni "the year before last", hakuna mtu anayesema mwaka juzi akimaanisha miaka sita.

Sasa kuna kisa kimoja nataka nikieleze chote. Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025, mama mmoja kaja na mtoto wa kiume kang'atwa na mbwa mguuni. Daktari anauliza lini. Mama anajibu, "Juzi, daktari." Ukihesabu kwa kamusi, juzi ya Alhamisi ni Jumanne tarehe 14, na hiyo ilikuwa Siku ya Nyerere, sikukuu ambayo kila mtu anaikumbuka. Basi kabla sijafungua mdomo kwa Kiingereza nikamuuliza:

"Juzi ile ya sikukuu ya Nyerere, mama?"

"Aa, kabla ya hapo. Juzi tu, tulivyotoka mnadani."

"Mnada wenu siku gani?"

"Si Jumamosi, mwanangu."

"Jua lilikuwa limeshazama?"

"Limezama, kama saa moja hivi. Ule usiku wa kuamkia Jumapili."

Hapo ndo nikamgeukia daktari, na kwenye fomu nikaandika hivi:

```
Bitten on Saturday 11 October 2025, at about 7 p.m. (five days ago).
```

Angalia huo usiku wa kuamkia Jumapili. Ungeandika "Sunday night" ungekuwa umeusogeza usiku mzima mbele, kwa sababu kwa Kiingereza "Sunday night" ni usiku unaokuja baada ya mchana wa Jumapili. Sisi wengi bado tunahesabu siku kuanzia magharibi, jua likizama siku mpya imeingia, ndo maana mzee akikwambia usiku wa Ijumaa bila kuamkia uliza tena, inaweza ikawa Alhamisi usiku. Na saa moja yake ni 7 p.m., hiyo wote tunaijua ila kwenye haraka watu wanaikosea.

Kwanini nilihangaika vile kwa tofauti ya siku tatu tu? Kwa sababu ya mbwa. Mbwa aliyeng'ata mtu akiwa yupo na anajulikana, anafungwa na kuangaliwa siku 10 tangu alivyong'ata. Zikiisha yuko mzima maana yake siku ile hakuwa na virusi vya kichaa cha mbwa kwenye mate, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Chanjo yenyewe haisubiri, inaanza siku mgonjwa anafika hata kama kachelewa, na siku hiyo ya sindano ya kwanza ndo inaitwa siku ya 0, halafu inakuja ya 3, ya 7 na kuendelea kutegemea ratiba. Kwa mtoto huyu siku ya 0 ni Alhamisi tarehe 16, ya 3 ni Jumapili tarehe 19, ya 7 ni Alhamisi tarehe 23. Siku 10 za mbwa kuanzia Jumamosi tarehe 11 zinaisha Jumanne tarehe 21, kabla ya sindano ya tatu. Lakini ningesema "the day before yesterday" daktari angehesabu kuanzia tarehe 14, siku 10 zingeishia tarehe 24, yaani mtoto angeshachomwa ile ya tarehe 23 ndo watu wakae waamue.

Hiyo ni upande wa kwenda Kiingereza. Kurudi Kiswahili ndo kulitaka kuharibika kabisa. Daktari akasema "come back on day 3", nami nikasema arudi siku ya tatu. Mama akahesabu kwa vidole, leo moja, kesho mbili, kesho kutwa tatu. "Basi kesho kutwa tutakuja." Kesho kutwa ya Alhamisi ni Jumamosi, daktari alikuwa anamtaka Jumapili. Mama hajakosea hata kidogo, kwetu siku ya leo inahesabiwa, wakati ile ratiba inaanzia sifuri. Kosa lilikuwa langu, nilitafsiri namba badala ya kutafsiri siku.

Kiswahili kina neno la siku ile hasa, ni mtondo, siku inayofuata kesho kutwa, na baada yake kuna mtondogoo. Kwa Kiingereza mtondo ni "three days from today" na mtondogoo "four days from today". Nayapenda sana hayo maneno na inaniuma yanavyopotea, lakini huku kati ukimwambia mtu mtondo wengi watakuangalia tu. Kwa wengi kesho kutwa imeshameza yote, fundi akikwambia njoo kesho kutwa anaweza kuwa anamaanisha wiki ijayo. Hiyo ya fundi ukiiandika "the day after tomorrow" umemtungia ahadi, bora "in a few days" kama huwezi kumpata umuulize.

Basi nikamwambia mama, "Sio kesho kutwa, inayofuata. Jumapili, mkitoka kanisani mje moja kwa moja." Akarudia mwenyewe, "Jumapili, tukitoka kanisani." Nikaandika kwenye kadi Jumapili tarehe 19, chini yake Alhamisi tarehe 23, na pembeni mstari kuhusu mbwa, afungwe hadi Jumanne tarehe 21, mbwa akiumwa au akifa kabla ya hapo mama aje siku hiyohiyo asisubiri.

Jumapili saa sita mchana walikuwa wameshafika, mtoto bado kavaa shati la kanisani, na mama akaanza na habari za mbwa kabla hata sijauliza. Kafungwa chini ya mwembe, anakula vizuri, jana alikuwa anacheza na kuku.

"Jana ipi mama, Jumamosi?"

"Jumamosi," akasema, "jana yenyewe."