Rompwe ya sorti mingi: usihesabu tu barabara, angalia iko upande gani

Ndugu yangu mdogo anajifunza kuendesha, juzi tunakaribia rompwe hapa Goma akaniambia yaya, minaenda sorti ya tatu, basi minaingia bande ya kushoto. Nikamuuliza nani alikufundisha hivyo, akasema kila mutu anajua. Kweli kila mutu anasema hivyo, na njo mwanzo wa maparshoko mingi kukwaruzana.

Dhana: "Sorti ya kwanza na ya pili kaa kuume, kuanzia ya tatu kaa kushoto."

Namba peke yake haikuambii kitu, kinachokuambia ni upande. Waza rompwe ni saa ya ukutani na wewe unaingilia kwa namba 6 ya hiyo saa, huku kwetu tunaendesha kuume kwa hiyo tunazunguka tukiacha kisiwa mukono wa kushoto. Sasa weka sorti kwenye 4, kwenye 2, kwenye 12 na kwenye 9. Ya tatu ni 12, ni mbele yako kabisa! Kama hakuna mishale chini wala panneau inayosema tofauti, kwa kwenda mbele unabaki bande ya kuume. Ni ile ya 9, ya ine, njo iko kushoto ya mustari wako, njo unaichukulia bande ya kushoto. Kwenye rompwe ingine yenye sorti kwa 3, 12 na 9, ya tatu ndiyo iko kushoto. Namba ni ile ile, bande imebadilika.

Mishale ikiwa imechorwa, hiyo inapita saa yangu na mazoea yako yote. Na bande unaichagua kabla ya kuingia, si ukiwa ndani.

Tufanye ile ya 9. Mbele ya kuingia unawasha klinyota ya kushoto, unakaa bande ya kushoto, unaingia nafasi ikipatikana. Unapita 4, unapita 2, unazunguka tu karibu na kisiwa. Ukishapita mudomo wa 12 njo unabadilisha klinyota kuwa ya kuume, unaangalia retro ya kuume, kisha unageuza kichwa kidogo juu motari anapenda kujificha pale retro haifiki, kukiwa wazi unasogea nje na unatoka. Ukiwasha kuume mapema, mbele ya 12, yule anayengoja pale kwa 12 atawaza unatoka kwake, ataingia mbele yako na kusema kweli si kosa lake peke yake.

Dhana: "Mimi niko ndani natoka, wa nje lazima aniachie."

Hapana. Anayebadilisha bande njo anaachia mwenye iko tayari ndani ya ile bande. Klinyota ni kuomba njia, haikupi haki. Sasa kama wa nje amekuziba na hakuachii?

Hapo watu wanafanya mambo ya ajabu, wengine wanasimama katikati na kupiga klakson, wengine wanakata bande mbili kwa mara moja. Unazunguka tena, basi. Ile duara ya katikati ya njia yako ikiwa na upana wa mita 40, muzunguko ni kama mita 125, kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa ni sekunde 23 hivi. Kuandikisha konsta na ruleji ni siku nzima.

Dhana: "Kamio ikichukua bande mbili dereva wake hana adabu."

Wengine hawana adabu, nakubali. Lakini kamio ndefu ikizunguka, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakata kwa ndani, upande wa kisiwa. Ikiwa bande ya nje na wewe uko ndani, ubavuni mwake, ile nafasi unaona mbele yako itaisha pole pole mpaka unabanwa kati ya matairi na bordire. Na wakati inatoka inakata upande mwingine, kuume, hapo motari aliyejipenyeza njo yuko mubaya. Baki nyuma mpaka itoke.

Dhana: "Gari ya vola kuume ni hatari wakati wa kutoka."

Watu wanachanganya hapa. Zile gari ziko mingi huku, na wakati wa kutoka kuume dereva wake amekaa upande ule ule wa kutokea, anaona vizuri hata kupita mimi. Shida yake ni kuingia: gari za ndani zinamujia kutoka kushoto, na hapo katikati kuna abiria, mara abiria wawili na mufuko ya makala kwa magoti, pamoja na ile nguzo ya kioo. Moto nzima inaweza kupotea nyuma ya ile nguzo. Kwa hiyo akifika pale asigande, ainame mbele kidogo, arudi nyuma kidogo, aangalie mara mbili, na yule abiria aambiwe aegemee kiti.

Ndugu yangu sasa kila rompwe anauliza "yaya, hii ni saa ngapi?", abiria wa nyuma wanaangalia simu zao na kumujibu.