Lengo ni la mfadhili, je, mfanyakazi unampimaje?

"Malengo yote yameshapangwa na mfadhili. Sasa nikikaa na afisa wangu wa mradi kumfanyia tathmini ya mwaka, nampima kwa lipi?"

Mpime kwa yale yaliyokuwa mikononi mwake: ukweli wa takwimu zake, ubora wa kazi aliyoiacha kijijini, na alivyowahi kusema pale mambo yalipoanza kukwama. Idadi yenyewe ni ya mradi. Mara nyingi iliandikwa kwenye andiko la mradi kabla hata afisa hajaajiriwa.

Chukua mfano wa mradi wa kahawa Moshi Vijijini unaofundisha kupogoa mibuni. Lengo la Januari hadi Machi ni wakulima 150 kwa kila afisa, na fedha zimeingia katikati ya Februari. Afisa wa Marangu ameripoti 150 kamili, wa Kibosho 112. Ukijaza fomu ya tathmini kwa namba hizo tu, wa Kibosho ndiye atakayeitwa kujieleza.

Kabla hujamwita, toa fomu za mahudhurio uzipange kwa namba za simu. Usizipange kwa majina, maana mama mmoja leo huandikwa Mama Neema, kesho jina lake la ubatizo. Za Marangu zinarudia namba zilezile siku ya pili na ya tatu ya mafunzo: mahudhurio 150, watu 94. Ukurasa mmoja una mwandiko mmoja tangu juu hadi chini. Usikimbilie kusema ni udanganyifu, kwani bibi asiyejua kuandika huandikiwa. Piga simu uulize. Za Kibosho, kila namba iko mara moja.

Kisha chagua majina kumi kwa kila afisa, wewe mwenyewe, uende shambani. Mbuni uliopogolewa haujifichi: makovu ya mkato yanaonekana na mwanga unapenya katikati ya mti. Kibosho unakuta mashamba saba yamepogolewa, Marangu matatu. Mashamba kumi hayatoshi kutoa hukumu, lakini yanatosha kukupa maswali ya kuuliza kwenye kikao.

Mwisho angalia tarehe za barua pepe. Wa Kibosho aliandika Januari 20 kwamba fedha zikichelewa hatafikisha 150, akapendekeza vijiji viwili vifundishwe pamoja. Wa Marangu hakuandika kitu.

Sheria nayo inataka sababu hizi ziangaliwe. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kwa utendaji duni aangalie kama kiwango alichowekewa kilikuwa cha haki, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kukifikia.

Zile 150 za Marangu zirekebishwe kwa mfadhili. Na kabla ya kumkata afisa alama, tazama nani alisaini ripoti ile bila kufungua fomu. Kama ni wewe, liandike hilo kwenye tathmini yako mwenyewe.