Kuomba saa nyingine ya usaili

“Nikiwaambia saa waliyopanga siiwezi, si wataona sina haja na kazi?”

Hapana. Kampuni inayomwita mtu aliye kazini inajua ana mwajiri wa kumjibu. Kinachoharibu ni kuchelewa kujibu, au kukataa bila kutaja saa nyingine.

Tuseme wewe ni mhasibu, umeitwa Jumanne saa nne asubuhi, na siku hiyo mnafunga hesabu za mwezi. Jibu siku ileile unayopata mwaliko, kwa barua pepe yako binafsi, si ya ofisini:

“Nashukuru kwa mwaliko, nami nauhitaji usaili huu. Jumanne saa nne nitakuwa kazini. Naweza Jumatano saa mbili kamili asubuhi, au Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni, hata kwa simu ya video.”

Sababu inatosha hapo. Usisingizie ugonjwa, anayekusaili anapima pia utakavyomtendea yeye.

Usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ni jambo jingine: wasailiwa wengi huitwa kwa ratiba moja iliyotangazwa, kwa hiyo hapo omba ruhusa kazini mapema.