"Nilishiriki" mara 14

Wiki iliyopita mhandisi mhitimu mmoja aliniletea ripoti yake ya robo mwaka niipitie kabla hajaiwasilisha. Yuko mwaka wa pili wa SEAP, ule mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka 3 ulio chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Nikahesabu neno "nilishiriki" mara 14. Nilishiriki kumwaga zege, nilishiriki kikao cha saiti.

"Mdogo wangu, kikaoni ulikuwa unafanya nini?"

"Naandika muhtasari, dada."

Wengi wetu wahandisi wa kike tumekwama hapohapo. Hakuna anayekufukuza saiti. Unapewa tu kazi safi: muhtasari, hati za malipo, kupeleka vipande vya zege maabara. Zege la usiku anabaki nalo mwenzako wa kiume. Siku ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu, yeye ana maamuzi ya kueleza, wewe una mahudhurio.

Mimi niliokolewa na jamvi moja la zege. Mhandisi mkazi wetu, mzee wa maneno machache, aliniambia, "La Alhamisi ni lako." Mita za ujazo 30, malori 5. Slampu, kipimo cha ulaini wa zege, iliyotakiwa ilikuwa milimita 100, ikizidi au kupungua kwa 25. Lori la tatu likatoa 180. Nikapima tena, ikawa ileile: maji yalikuwa yameongezwa njiani. Nikalikataa.

Fomeni hakubishana nami. Alimpigia simu mzee, akaweka spika ili nisikie nikishushuliwa. Mzee akauliza, "Injinia wa jamvi leo ni nani? Basi ameshasema." Lori likageuza. Jioni niliandika daftarini namba ya lori, vipimo vyote viwili na sababu ya kulikataa, naye akasaini.

Mshauri angenifundisha kusoma slampu, na hao sikuwakosa. Mdhamini ndiye aliyenikabidhi zege kisha asininyang'anye fomeni alipompigia simu. Katika kazi yetu mara nyingi mdhamini ni mwanaume, kwa kuwa ndio walioshika ratiba.

Wenzangu wa kike nao wana kazi yao. Kundi letu la WhatsApp lina watu 6. Tunasomeana ripoti, tunaulizana mishahara, na tunatajiana saiti zisizo na choo cha wanawake (usicheke, hilo limewahi kumtoa mtu kazini). Lakini kundi haligawi zege wala halisaini daftari.

Kwa hiyo yule binti tulimsaidia kutunga ujumbe kwa bosi wake. Tulifuta "naomba nafasi zaidi ya kujifunza", maana ombi la namna hiyo hujibiwa "sawa" na likaishia hapo. Tukaandika: "Naomba nisimamie zege la ukuta wa tangi Jumatatu. Mpango wa umwagaji nitakuletea Ijumaa."

Amekubaliwa. Siku hiyohiyo kuna kikao cha saiti, na muhtasari ataandika nani, binti anasema hajauliza.